Ujumbe Mmoja, Karuseli Mbili: Sauti ya Ofisini na Sauti ya Vijana

"Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja…" Ni vigumu kumpata Mtanzania mwenye simu ambaye hajawahi kupokea ujumbe wa aina hii. Anayeuandika hamjui anayempelekea. Anaurusha kwa watu wengi kwa mkupuo mmoja, kisha anasubiri. Miongoni mwa hao wengi, yupo mmoja ambaye dakika hiyo hiyo alikuwa kweli anajiandaa kumtumia mtu hela: kodi ya nyumba, malipo ya fundi au mchango wa harusi. Huyo akiusoma ujumbe anaona umetoka kwa anayemdai, na hela inaondoka.

Onyo dhidi ya utapeli huu limeshatolewa redioni, magazetini na kwa ujumbe wa simu. Siku hizi hutolewa pia kwa karuseli, yaani posti ya picha kadhaa ambazo msomaji huzitelezesha kwa kidole moja baada ya nyingine. Instagram iliruhusu posti za namna hiyo mwaka 2017 kwa picha zisizozidi 10, na mwaka 2024 ikaongeza hadi 20. TikTok nayo ina posti za picha za kutelezesha, na kwenye LinkedIn watu hupandisha faili la PDF ambalo kila ukurasa wake unakuwa slaidi moja.

Sasa tuchukue mfano. Kuna SACCOS moja ya wafanyakazi mkoani ambayo pia ina akaunti za akiba za vijana. Inataka kuonya makundi mawili kuhusu ujumbe huo huo: makarani wa fedha na wasimamizi wa ofisi kwa upande mmoja, na vijana wa sekondari wa miaka 15 hadi 18 kwa upande mwingine. Mara nyingi kazi hii hufanywa hivi: inatengenezwa karuseli moja ya lugha ya ofisi, kisha kwa ajili ya vijana yanaongezwa maneno matatu ya mtaani na emoji za kutosha. Karuseli hiyo ya pili haifiki popote, kwa sababu sauti haimo kwenye vikolezo. Imo katika nani anaongea, anamwambia nani, na huyo anayeambiwa ana hofu gani.

Yasiyobadilika yaandikwe kwanza

Kabla ya kugusa slaidi yoyote, chukua karatasi uandike mambo ambayo lazima yawemo katika karuseli zote mbili, kwa maneno makavu yasiyo na mbwembwe. Katika mfano wetu yako matano.

La kwanza, ujumbe huu hutumwa kwa wengi, na nguvu yake ni bahati ya kumkuta mtu aliyekuwa anataka kutuma hela. La pili, jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri si uthibitisho wa kutosha, maana tapeli hulitaja jina hilo mapema ndani ya ujumbe wake. La tatu, njia ya kuhakiki ni kumpigia unayemlipa kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, siyo kwa ile iliyoleta ujumbe. La nne, ujumbe wa kitapeli hupelekwa kwenda 15040, namba iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, kwa kazi hiyo. La tano, aliyekwisha kutuma awasiliane na huduma kwa wateja ya mtandao wake mara moja, maana kila dakika inampa mwizi nafasi ya kuitoa hela kwa wakala.

Jambo la pili ndilo linalosahaulika zaidi. Maonyo mengi humwambia mtu "angalia jina kabla ya kutuma" na kuishia hapo. Ushauri huo una shimo. Msomaji anaangalia jina, analikuta lile lile aliloambiwa litakuja, anaridhika, anaibiwa. Ukikosea hapa, hakuna uchangamfu wala ustaarabu wa lugha utakaoiokoa karuseli yako. Ndiyo maana orodha hutangulia: baadaye utakapobadilisha maneno, utaipitia moja baada ya jingine kuona kama kuna lililodondoka njiani.

Nani anasoma, na anaogopa nini

Karani wa fedha anaisoma karuseli yako akiwa mezani au kwenye daladala akirudi nyumbani. Hela anayotuma si yake, ni ya mwajiri. Anachokiogopa ni siku ya kuulizwa: nani aliidhinisha, kwa ushahidi gani, na kwa nini namba ya mpokeaji ilibadilishwa. Kwa hiyo anatafuta utaratibu anaoweza kuufuata kisha akauonyesha. Ukimpa utaratibu, ataihifadhi posti yako na kuipeleka kwenye kundi la WhatsApp la idara.

Kijana wa kidato cha nne anasoma akiwa na wenzake, pengine kwa simu anayoshirikiana na dada yake. Hela aliyonayo nayo mara nyingi si yake: ni mchango wa mahafali alioukusanya kama kiongozi wa darasa, au ada ndogo ambayo mama amemtuma ailipe. Laini anayotumia, kwa kuwa hajafikisha miaka 18, kwa kawaida imesajiliwa kwa jina la mzazi au mlezi. Hofu yake kubwa ni kuchekwa. Akiibiwa, jambo la kwanza linalomjia ni kuficha, na wakati anaficha hela inazidi kwenda mbali.

Hofu hizi mbili ndizo zinazoamua sauti. Karani anahitaji sauti ya mwenzake wa kazi anayejua taratibu. Kijana anahitaji sauti ya kaka au dada mkubwa anayemwambia ukweli bila kumsimanga. Hakuna kati yao anayehitaji sauti ya mwalimu wa zamu.

Karuseli ya ofisini

Hii hapa karuseli ya kwanza, slaidi kwa slaidi.

1. Fundi amebadilisha namba ya malipo? Hakiki kabla ya kutuma.

2. Ujumbe wa "tuma kwenye namba hii" hutumwa kwa watu wengi kwa pamoja. Humnasa yule ambaye kweli alikuwa na malipo ya kufanya siku hiyo.

3. Ijumaa, saa kumi jioni. Meneja yuko safarini, fundi anasubiri, na ujumbe unaingia. Huo ndio muda wa hatari.

4. Jina likifanana na lililotajwa kwenye ujumbe, bado hujahakiki. Aliyekutajia jina hilo ni yule yule aliyekutumia namba.

5. Mpigie mpokeaji kwa namba iliyo kwenye mkataba au kumbukumbu za ofisi.

6. Andika kwenye hati ya malipo: nani amepigiwa simu, saa ngapi, na nani ameidhinisha mabadiliko.

7. Ujumbe wa kitapeli upelekwe kwenda 15040. Fedha ikiwa imeshatumwa, mtandao wako uarifiwe mara moja. 📌 Hifadhi kwa ajili ya kikao cha idara.

Angalia vitenzi. Kuna "hutumwa" na "humnasa", hu- ya mazoea inayofaa pale unapoeleza jinsi jambo linavyokwenda siku zote. Kuna "upelekwe" na "uarifiwe", namna ya kuagiza bila kumnyooshea mtu kidole. Msomaji wa ofisini anaweza kuwa na miaka 50 na cheo kinachomzidi aliyeandika posti. Ukimwambia "Peleka! Piga! Usitume!" slaidi baada ya slaidi, utasikika kama unamkaripia. Ukiacha "Hakiki" ya slaidi ya 1 na "Hifadhi" ya slaidi ya 7, amri ya moja kwa moja imo katika slaidi ya 5 na ya 6 tu, mahali ambapo hatua lazima iwe wazi, na hapo imekuja baada ya sababu kuelezwa.

Angalia pia maneno ya kazi. "Fedha", "hakiki", "kuidhinisha" na "kumbukumbu za ofisi" ni maneno anayoyatumia karani mwenyewe. Lakini hatukuandika "vocha ya malipo", ingawa ofisi nyingi huita hivyo, kwa sababu katika posti inayohusu simu neno "vocha" linaweza kumpeleka msomaji kwenye muda wa maongezi. Hatukuandika pia "miamala ya kifedha kwa njia ya kielektroniki". Kuwa rasmi si kurefusha. Sentensi ya slaidi inasomwa kwa jicho moja na kidole kiko tayari kuondoka, hata kama mwenye kidole ni mkurugenzi.

Kicheko kimo, ila ni kidogo. Kiko slaidi ya 3. Kila aliyewahi kufanya malipo Ijumaa jioni huku mtu akimpigia simu kila dakika tano atatabasamu, maana amejiona. Ucheshi unaofaa kwa watu wa kazi ni huu wa kuitambua hali. Haumchekeshi mtu kwa gharama ya mwenzake, na haupunguzi uzito wa onyo linalofuata.

Karuseli ya vijana

Na hii ndiyo ya pili. Mambo ni yale yale matano.

1. "Ile hela tuma kwenye namba hii." Hela ipi, kaka? 👀

2. Hakujui. Meseji hiyo hiyo kaituma kwa watu kibao. Anamsubiri mmoja tu ambaye kweli alikuwa anataka kutuma hela.

3. Umeshika mchango wa mahafali. Mwalimu kasema utume leo. Meseji inaingia: "Tuma kwenye namba hii." Hapo ndipo wanapokupiga.

4. "Jina litakuja Asha." Unaangalia, kweli limekuja Asha. Sasa? Si yeye mwenyewe ndiye aliyekwambia litakuja Asha! 😂

5. Mpigie mwalimu kwa namba yake uliyonayo siku zote. Simu moja tu.

6. Umeshatuma? Umeibiwa, na wa kuona aibu ni mwizi. Mwambie mzazi au mlezi sasa hivi, mpige huduma kwa wateja pamoja. Meseji yenyewe ipeleke 15040.

Kilichobadilika kwanza ni hali, kabla ya msamiati. Fundi amekuwa mwalimu, mkataba umekuwa namba uliyonayo siku zote, na hati ya malipo imetoka kabisa kwa sababu kijana hana hati ya malipo. Mahali pake pameingia mzazi, na sababu yake ni ya kweli: laini ikiwa kwa jina la mzazi, mtoa huduma atataka kuzungumza na mzazi. Karuseli ya vijana isiyomtaja mtu mzima wa kuambiwa imebakiza kazi nusu.

Baada ya hali ndipo lugha ikafuata. "Fedha" imekuwa "hela", "ujumbe" umekuwa "meseji", "amesema" imekuwa "kasema". Hiyo "kasema" na "kaituma" ina kazi kubwa kuliko neno lolote la mtaani. Ndivyo tunavyoongea tukiwa tumekaa kibarazani, na kijana akiisoma anasikia mtu anaongea naye. Hu- ya mazoea imeondoka. Sentensi zimekuwa fupi, nyingine za neno moja. Badala ya mlolongo wa "usi-" unaofanana na tangazo la ubao wa shule, kuna kisa kidogo kinachoendelea kutoka slaidi moja hadi nyingine.

Maneno ya mtaani: lipi liingie

Katika karuseli nzima ya vijana yako mawili tu: "kibao" na "wanapokupiga". Yote mawili yanaeleweka Kigoma na yanaeleweka Temeke, na hata mama anayechungulia simu ya mwanawe atayaelewa. Hicho ndicho kipimo kinachofaa. Maneno kama "buku" kwa shilingi 1,000 na "jero" kwa 500 yameishi miaka mingi na hayamtii mwandishi hatarini. Lile lililozuka mwezi uliopita waachie vijana wenyewe. Kuna uwezekano mkubwa kwamba siku utakapolichapisha watakuwa wameshalitupa, na taasisi inayolitumia itaonekana kama mjomba anayelazimisha kucheza muziki wa wapwa zake.

Zaidi ya hapo, maneno ya mtaani yana mipaka ya kijiografia. Lugha ya vijana wa Dar es Salaam siyo Sheng ya Nairobi, na kijana wa Mombasa ana yake. Ukitaka karuseli ivuke mpaka, Kiswahili chepesi cha mazungumzo kitavuka, misimu itabaki forodhani. Na kinachobadilika kwa kuvuka si maneno tu. Namba ya 15040 ni ya Tanzania, wakati mteja wa Safaricom nchini Kenya hupeleka ujumbe wa kitapeli kwenda 333. Anayehamisha karuseli kutoka nchi moja kwenda nyingine aanze kwa kubadilisha namba, ndipo aje kwenye lugha.

Kuna neno jingine la kuangalia kwa makini: kitenzi cha tendo lenyewe. "Umetapeliwa" na "umeingizwa mkenge" yote mawili yanamweka msomaji katikati akiwa mjinga. "Umeibiwa" inamweka mwizi mahali pake. Kwa karani tofauti hiyo ni ndogo. Kwa kijana wa miaka 16 ndiyo inayoamua kama atamwambia mama usiku huo huo au atanyamaza wiki nzima.

Emoji inasomwa na nani

Emoji moja husomwa tofauti na watu wa rika tofauti. Kwa vijana wengi, 💀 na 😭 ni vicheko: nimecheka hadi nimekufa, nimecheka hadi machozi. Kwa mtu wa miaka 50, fuvu ni kifo na machozi ni msiba. Katika mada ya wizi hitilafu hii ni ya hatari. Ukiandika "Mama amepoteza ada ya mtoto 😭" ukikusudia kuhuzunika, kijana anaweza kusoma kwamba unamcheka mama. Ndiyo maana emoji ya kicheko katika karuseli yetu ya vijana ni 😂 tu, ambayo maana yake haina utata kwa rika lolote, nayo imewekwa slaidi ya 4 ambapo anayechekwa ni tapeli. Slaidi ya 6, inayozungumza na aliyeibiwa, haina emoji hata moja. Mtu aliyeumia haongezewi kikaragosi.

Kwa watu wa kazi, emoji ifanye kazi ya alama: 📌 ya kuhifadhi, ⚠️ ya tahadhari, ✅ ya hatua iliyokamilika. Moja kwa slaidi inatosha, na slaidi nyingi hazihitaji hata hiyo. Isikae katikati ya sentensi kuchukua nafasi ya neno. "Piga 📞 kabla ya kutuma 💸" humlazimisha msomaji kusimama mara mbili ndani ya maneno manne.

Kuna sababu mbili za kiufundi za kubana emoji kwa makundi yote. Ya kwanza ni kwamba emoji iliyomo ndani ya picha huonekana sawa kwa kila mtu, lakini ile ya kwenye maelezo chini ya posti huchorwa na simu ya msomaji. Simu ya zamani ikikutana na emoji mpya huonyesha kisanduku kitupu, hivyo tumia zile zilizokuwepo kwa miaka. Ya pili ni wasomaji wasioona, ambao simu zao huwasomea maandishi kwa sauti. Emoji tano za moto zilizopangwa mstari huweza kusomwa jina kwa jina, moja baada ya nyingine. Maandishi yaliyo ndani ya picha hayana uhakika wa kusomwa, kwa hiyo jaza sehemu ya maelezo mbadala ya kila picha, uandike humo maneno ya slaidi yenyewe.

Nani achekwe

Utapeli huu umezaa utani mwingi. Watu huwajibu matapeli kwa vichekesho, wanapiga picha ya mazungumzo, wanairusha mitandaoni. Ni kishawishi kikubwa kwa mtengenezaji wa karuseli ya vijana, na kina mitego miwili.

Wa kwanza ni kumfanya shujaa yule anayejibizana na tapeli. Kijana akiona mwenzake kapata sifa kwa kumjibu mwizi, naye atajibu, na kwa kujibu atakuwa amemhakikishia mwizi kwamba namba hiyo ina mtu na mtu huyo anasoma. Kichekesho cha slaidi ya 4 kinaepuka hilo. Kinamfichua tapeli mbele ya msomaji, bila kumfundisha msomaji kuzungumza naye.

Wa pili ni mbaya zaidi: kumcheka aliyeibiwa. Huja kwa sura ya "mshamba", ya bibi asiyejua simu, au ya lafudhi ya kabila fulani. Wanaocheka ni wale ambao hawajaibiwa. Aliyeibiwa akiiona posti hiyo amejifunza jambo moja tu, kwamba asimwambie mtu. Karuseli yenye lengo la kuwafanya watu waripoti itakuwa imewafundisha kunyamaza. Utani mzuri katika mada ya hasara una mlengwa mmoja, na huyo ni mwizi.

Kwa watu wa kazi, kanuni ni ile ile kwa kipimo kidogo. Usimtanie mhasibu, usimtanie meneja. Itanie Ijumaa jioni.

Kujua kama sauti imekaa

Kabla ya kuchapisha, kuna jaribio rahisi la kuutambua ugonjwa. Mpe mtu mmoja wa kundi unalolilenga asome slaidi zote kwa sauti. Sikiliza mahali anaposita na mahali anapobadilisha neno bila kujijua. Karani akisoma "hela" mahali ulipoandika "fedha", usijali. Kijana akisoma "uhakiki" kisha akauliza "yaani nifanyeje?", slaidi hiyo haijamaliza kazi. Baadaye mfiche karuseli umuulize: ukipata ujumbe huo leo, utafanya nini? Jibu sahihi ni "nitampigia kwa namba niliyo nayo". Akijibu "nitaangalia jina", amecheka bure, na hitilafu iko slaidi ya 4. Usimuulize kama ameipenda. Atakujibu ameipenda, kwa heshima.

Angalia pia slaidi ya 2 peke yake. Mara nyingine Instagram humrudishia mtu karuseli aliyoipita bila kuitelezesha, safari hii ikianza na picha ya pili. Slaidi ya 2 inayoanza na "Kwa hiyo…" au "Pia…" haitaeleweka kwa mtu huyo. Zetu zote mbili zinajitosheleza.

Baada ya kuchapisha, usihesabu alama za moyo kwanza. Kwa karuseli ya ofisini angalia ni wangapi wameihifadhi na kuisambaza, maana utaratibu mzuri hutunzwa. Kwa ile ya vijana angalia iliposambazwa na majina ya marafiki yaliyotajwa kwenye komenti. Kijana akimtaja mwenzake na kuandika "wewe hapa slaidi ya 3", sauti imekaa. Komenti zikijaa vicheko juu ya lugha ya taasisi badala ya tapeli, maneno ya mtaani yamezidi. Zikiwa kimya kabisa huku wasomaji wakiishia slaidi ya kwanza au ya pili, pengine umemsemesha kijana kwa sauti ya barua ya ofisi.

Na kama muda au fedha inatosha karuseli moja tu? Tengeneza moja ya Kiswahili chepesi, yenye kisa kinachoeleweka na wote, isiyo na neno la mtaani, yenye emoji moja au bila emoji. Kijana ataisoma posti safi isiyo ya rika lake, lakini karani hataisambaza ofisini posti iliyojaa mafuvu na misimu. Ukipata nafasi ya kutengeneza mbili, zifanye mbili kweli: hali mbili, hofu mbili, watu wawili wa kupigiwa simu. Ile orodha ya mambo matano iwe mkononi hadi dakika ya kubonyeza kitufe cha kuchapisha, na likikosekana hata moja, rudi ukaandike upya.